Vipengele vinne au mnyororo? Kupanga insha fupi ya mtihani kuhusu visababishi vya kuoza kwa meno

Wanafunzi wawili waliwahi kuniletea karatasi zao siku moja, dada na kaka wa darasa moja, wote wamejibu swali lilelile: "Eleza visababishi vya kuoza kwa meno. (Alama 10)." Dada alipata 6, kaka 7. Dada ndiye aliyekuja na uchungu.

"Mwalimu, vyote vinne nimeandika. Bakteria wapo, sukari ipo, jino lipo, muda upo. Mwenzangu mate hajayagusa kabisa. Mbona kanizidi?"

Nilimwambia akae, tukaziweka karatasi mbili mezani ubavu kwa ubavu. Kilichowatofautisha hakikuwa ujuzi. Wote wawili walisoma, na dada pengine alisoma zaidi. Walitofautiana kwa jinsi walivyopanga insha. Dada alipanga kwa vipengele vinne, kila kimoja na kichwa chake. Kaka alipanga kwa mnyororo, akaanza na sukari mdomoni akaishia na tundu kwenye jino. Mipango hii miwili ndiyo ninayoiona mara nyingi zaidi ninaposahihisha. Kila mmoja una mahali unapodondosha alama, na mahali penyewe ni palepale kila mwaka. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuchagua akijua anachochagua. Vyuo vyetu vingi vinatahini kwa Kiingereza, lakini mifupa ya insha haibadiliki na lugha.

Mwongozo wa kusahihishia unatafuta nini

Kwa swali hili la alama 10 mimi hugawa hivi: alama 1 kwa maana ya kuoza kwa meno, 2 kwa bakteria na ukoga, 2 kwa sukari, 2 kwa jino lenyewe na mate, 1 kwa muda, na 2 kwa kuonyesha jinsi mambo hayo yanavyoshikana. Wenzangu hugawa tofauti kidogo, ila sijawahi kuona mwongozo wa swali la "eleza" usio na alama za uhusiano. Wanafunzi wengi hawajui kwamba alama hizo zipo.

Zipo kwa sababu ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo. Bakteria peke yao hawatoboi jino. Kila mtu mwenye meno ana ukoga, hata yule asiye na tundu hata moja. Sukari peke yake nayo haitoboi. Ukilitumbukiza jino lililong'olewa kwenye maji safi ya sukari yasiyo na kijidudu, litabaki jino. Kinachotokea ni kwamba bakteria walio kwenye ukoga huvunja sukari na kutoa asidi, hasa asidi ya laktiki. Asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli pale pH inaposhuka chini ya takriban 5.5, mate yanapambana kuirudisha pH juu, na mapambano hayo yakirudiwa mara nyingi mno jino hushindwa. Anayeviorodhesha visababishi bila kuonyesha mapambano haya anakuwa ametaja wachezaji bila kuusimulia mchezo.

Mpango wa kwanza: vipengele vinne

Mpango huu unatokana na michoro ya duara ya Paul Keyes, mtafiti wa Marekani wa miaka ya 1960. Alichora duara tatu zinazopishana: vijidudu, chakula, na mwenye jino. Pale katikati, zote tatu zinapokutana, ndipo jino linapooza. Baadaye duara la nne likaongezwa, la muda. Karibu kila kitabu cha afya ya kinywa kina mchoro huo, na ndiyo maana wanafunzi huukimbilia.

Uzuri wake ni kwamba hausahauliki. Hata ukiwa na hofu ya mtihani, namba nne inakushika mkono: ukihesabu tatu unajua bado moja. Karatasi ya dada ilipata alama zote mbili za jino na mate kwa sababu hiyo hiyo. Mpango ulimlazimisha aandike kichwa "Jino na mate", na akishaandika kichwa hakuweza kukiacha kitupu. Akaandika kuhusu vishimo na mifereji ya magego ambamo chakula hukwama na mswaki haufiki. Akaandika kwamba mate husafisha, huzimua asidi kwa bikaboneti, na hurudisha kalsiamu na fosfeti kwenye enameli. Yote sahihi.

Sasa tazama alivyoandika kuhusu bakteria na sukari:

"Bakteria. Bakteria kama Streptokokasi mutansi na Laktobasili husababisha kuoza kwa meno. Wanapatikana kwenye ukoga.

Sukari. Sukari husababisha kuoza kwa meno. Mifano ni pipi, soda, biskuti na chai yenye sukari."

Hakuna sentensi ya uongo hapo. Ila kila aya imesema "husababisha" na kuondoka. Kwa nini bakteria hao na si wengine? Sukari inafanya nini ikifika? Alipata alama 1 kati ya 2 kwa bakteria, 1 kati ya 2 kwa sukari, na 0 kati ya 2 kwa uhusiano. Neno "asidi" lilitokea mara moja tu katika karatasi nzima, nalo lilikuwa chini ya mate.

Kuna kipimo ambacho mwanafunzi wa mpango huu anaweza kukitumia mwenyewe kabla ya kukabidhi karatasi. Jiulize: aya hizi nikizibadilishana nafasi, ya tatu ikawa ya kwanza na ya kwanza ikawa ya mwisho, kuna kitu kitaharibika? Kama hakuna, aya zako hazishikani, na alama za uhusiano umeziacha mezani. Za dada ungeweza kuzichanganya kama karata.

Tiba yake ni ndogo. Kila aya imalizike kwa sentensi inayoikabidhi kwa nyingine. Ya bakteria iishie kwa kusema kwamba hawatoi asidi mpaka walishwe, ndipo ije aya ya sukari. Ya sukari iishie kwa kusema kwamba asidi hiyo inakutana na mate, ndipo ije aya ya jino na mate. Sentensi tatu kama hizo zinaweza kumpandisha mwanafunzi alama mbili au zaidi, kwa sababu huwezi kuziandika bila kueleza kazi ya kila kipengele.

Mpango wa pili: mnyororo

Mnyororo unaufuata ugonjwa kwa mpangilio wa matukio. Enameli iliyosafishwa hufunikwa upesi na utando mwembamba wa protini za mate, bakteria hung'ang'ania hapo, ukoga hukua, sukari huja, asidi hutoka, pH hushuka, madini hutoka kwenye enameli, doa jeupe hujitokeza, na hatimaye uso wa enameli hubomoka na tundu hufunguka.

Kaka aliandika hivi:

"Mtu anapokula sukari, bakteria wa kwenye ukoga huichachusha na kutoa asidi ya laktiki. Streptokokasi mutansi hufanya kazi hii vizuri kuliko wengi kwa sababu huvumilia mazingira ya asidi ambayo huwadhoofisha wengine. Pia hutumia sukari ya mezani kutengeneza gundi inayoushikiza ukoga kwenye jino, hivyo asidi hubaki karibu na enameli badala ya kuoshwa. pH ikishuka chini ya 5.5 madini ya enameli huanza kuyeyuka."

Sentensi nne, alama 2 za bakteria, 2 za sukari na 2 za uhusiano, kwa sababu kila sentensi inasukumwa na ile iliyoitangulia. Niliufurahia sana ule mstari wa gundi. Wengi hawajui kwa nini sukari ya mezani, yaani sukrozi, ina lawama kubwa kuliko wanga wa ugali au viazi. Jibu ni kwamba kwa bakteria hawa sukrozi ni chakula na ni malighafi ya gundi kwa wakati mmoja.

Lakini soma tena ukimtafuta mwenye jino. Hayupo. Jino liko pale linayeyushwa tu. Kaka hakusema kwa nini watu wawili wanaokunywa chai ileile, mmoja anaoza na mwingine haozi. Mate hayakutokea. Tena alisimulia shambulio moja la asidi kana kwamba mlo mmoja wa sukari unatosha kufungua tundu. Kwa hiyo alipata 0 kati ya 2 kwa jino na mate, na 0 kati ya 1 kwa muda.

Hii ndiyo hatari ya mnyororo. Unakwenda mbele kwa kasi, na kinachosimama pembeni ya njia huachwa. Mate yako pembeni. Floraidi iko pembeni. Umbo la gego liko pembeni. Muda ndio unaopotea kirahisi kuliko vyote, kwa sababu hadithi ya tukio moja tayari ina mwanzo na mwisho, na mwandishi anaridhika.

Kipimo chake ni hiki: pigia mstari mtendaji wa kila sentensi. Ukikuta ni sukari, bakteria, asidi, bakteria, asidi, na hakuna sentensi hata moja ambayo mate au jino ndiyo yanayotenda, rudi nyuma upenyeze mbili.

Mahali pa kuyapenyeza pana jina na mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Robert Stephan alipima pH ya ukoga mdomoni mwa watu baada ya kusukutua maji ya glukosi. Ndani ya dakika chache pH ilishuka hadi chini ya kiwango cha hatari, kisha ikapanda polepole kwa nusu saa hadi saa moja. Mchoro wa pH hiyo ni kama bonde lenye mteremko mkali na mpando mrefu. Mteremko ni kazi ya bakteria na sukari. Mpando kwa sehemu kubwa ni kazi ya mate. Kwa hiyo ukiufikisha mnyororo wako kwenye pH 5.5 usiende moja kwa moja kwenye tundu. Simama, andika jinsi mate yanavyoipandisha, kisha andika kinachotokea mtu akinywa tena kabla haijapanda. Hapo umepata mate na muda kwa sentensi mbili, na mnyororo haujakatika.

Mpango wa tatu, kwa ufupi

Wapo wanaoanza na historia: imani ya kale ya mdudu anayekula jino, kisha Willoughby Miller aliyeonyesha mwaka 1890 kwamba bakteria wa mdomoni hutoa asidi kutokana na wanga, kisha nadharia ya protini, na kadhalika. Ni mpango mzuri kama swali linasema "Jadili nadharia za kuoza kwa meno." Kwa swali la visababishi ni mtego. Nimesahihisha karatasi iliyokuwa bado kwenye karne ya kumi na tisa wakati muda ulipokwisha. Kama unampenda Miller, mpe sentensi moja mahali pa kueleza asidi, basi.

Kuchagua: sikiliza kitenzi cha swali

Mimi nina upande. Kwa swali la "eleza" la alama 10 nauchagua mnyororo, kwa sharti kwamba mwandishi ameandika orodha ya vipengele vinne pembeni ya karatasi kabla ya kuanza, na anakata kimoja kimoja kadiri kinavyoingia. Kumwongezea mwandishi wa mnyororo kipengele alichosahau ni kazi ya sentensi mbili. Kumwongezea mwandishi wa orodha uhusiano aliousahau kunamlazimu kugusa kila aya, na dakika ya kumi na tano ya mtihani haimruhusu.

Lakini swali likisema "Taja na fafanua kwa kifupi visababishi vinne", mnyororo utakuumiza. Msahihishaji wa swali hilo ana visanduku vinne mbele yake na anatafuta vitu vinne. Ukivificha ndani ya aya moja ndefu, anaweza kukiruka kimoja, hasa kama karatasi yako ni ya themanini kwenye fungu. Hapo weka vichwa, weka namba.

Na likisema "Jadili", hata mnyororo hautoshi peke yake, kwa sababu kujadili kunadai ushahidi na mizani. Hapo ndipo majaribio yanapoingia. Mwaka 1954 Orland na wenzake walichapisha jaribio la panya waliolelewa bila kijidudu chochote. Walilishwa chakula chenye sukari nyingi na meno yao hayakuoza, ilhali wenzao wenye bakteria walioza. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya Vipeholm, huko Uswidi: sukari iliyoliwa pamoja na mlo iliongeza matundu kidogo, lakini peremende zenye kunata zilizoliwa kati ya mlo na mlo ziliyaongeza kwa wingi. Utafiti huo ulifanywa kwa wagonjwa wa taasisi ya walemavu wa akili ambao hawakuwa na uwezo wa kuridhia, na mwanafunzi anayeutaja afanye vizuri kulisema hilo pia. Majaribio hayo mawili yanatosha kwa insha fupi. Moja linaonyesha kwamba bila bakteria hakuna kuoza, la pili kwamba ratiba ya sukari ina uzito kuliko kiasi chake peke yake.

Hivi ndivyo karatasi zile mbili zilivyosimama mwishoni:

| Kinachotafutwa | Vipengele (dada) | Mnyororo (kaka) |
|---|---|---|
| Maana (1) | 1 | 1 |
| Bakteria na ukoga (2) | 1 | 2 |
| Sukari (2) | 1 | 2 |
| Jino na mate (2) | 2 | 0 |
| Muda (1) | 1 | 0 |
| Uhusiano (2) | 0 | 2 |
| Jumla (10) | 6 | 7 |

Dakika 18, karatasi moja

Mtihani wa alama 100 kwa saa tatu unakupa dakika 18 kwa swali la alama 10. Dakika tatu za kwanza ni za kupanga. Andika pembeni: bakteria, sukari, jino na mate, muda. Kisha chagua mfano mmoja utakaobeba vyote vinne. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayelala na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari. Kina mama wengi wameuona ugonjwa huu bila kuujua jina: meno ya mbele ya juu yanageuka kahawia na kumomonyoka hadi kwenye fizi, huku ya mbele ya chini yakibaki salama. Mfano huu una thamani kwenye mtihani kwa sababu hauelezeki kwa kipengele kimoja. Bakteria ni walewale juu na chini, na sukari ni ileile. Kinachotofautisha ni kwamba meno ya chini yanafunikwa na ulimi na kuoshwa na mate ya tezi zilizo chini ya ulimi na taya. Msahihishaji akiona umeeleza hilo, anajua umeelewa mwenye jino ni nani katika mchezo huu.

Dakika kumi na tatu zinazofuata ni za kuandika. Insha yenyewe ingekuwa hivi:

"Kuoza kwa meno ni upotevu wa madini ya jino, ukifuatwa na kuharibika kwa tishu zake, kutokana na asidi inayotengenezwa na bakteria wa kwenye ukoga wanapochachusha sukari.

Ukoga ni utando wa bakteria unaoshikamana na jino. Miongoni mwao Streptokokasi mutansi ana nafasi kubwa, kwa sababu hutoa asidi kwa wingi na huendelea kuishi ndani ya asidi hiyo. Hata hivyo hatoi asidi ya kutosha kudhuru mpaka apate chakula.

Chakula hicho ni sukari, hasa sukrozi, ambayo bakteria huigeuza asidi ya laktiki na pia gundi inayoimarisha ukoga. Ndani ya dakika chache baada ya sukari kufika, pH ya ukoga hushuka chini ya takriban 5.5 na enameli huanza kupoteza kalsiamu na fosfeti.

Jino na mate hujibu. Mate huosha sukari, huzimua asidi na kurudisha madini, na floraidi husaidia madini hayo kurudi na kuifanya enameli iwe ngumu zaidi kuyeyuka. Pale mate yasipofika vizuri, kama kwenye mifereji ya magego na kati ya meno, au yanapopungua, kama usingizini au kwa mgonjwa aliyepigwa mionzi ya kichwa na shingo, ulinzi huu hudhoofika.

Matokeo hutegemea muda. pH huhitaji nusu saa hadi saa moja kupanda tena. Sukari ikija mara chache, madini yaliyotoka hurudi. Ikija mara kwa mara, upotevu huzidi urejeshaji, doa jeupe hutokea, na baadaye tundu.

Mtoto anayelala na chupa ya chai yenye sukari huonyesha visababishi vyote kwa pamoja: bakteria wapo, sukari hukaa mdomoni usiku kucha, na mate ya usingizini ni machache. Meno ya mbele ya juu huoza, ilhali ya chini, yanayokingwa na ulimi na mate, mara nyingi hupona. Kisababishi kimoja kikiondolewa, kwa mfano chupa ikiwa na maji matupu, mchakato hupungua au husimama."

Ni maneno yasiyofika mia tatu. Ukiyasoma kwa jicho la mwongozo, maana ipo aya ya kwanza, bakteria ya pili, sukari ya tatu, jino na mate ya nne, muda ya tano. Uhusiano umetandazwa kote: "mpaka apate chakula", "chakula hicho ni sukari", "jino na mate hujibu", kisha mtoto mwenye chupa anavifunga pamoja. Mpangilio ni wa mnyororo, lakini kila aya ina kipengele chake kimoja, kwa hiyo hata msahihishaji mwenye visanduku vinne atavipata. Jaribu kuzibadilishana aya hizo nafasi utaona "chakula hicho" kinabaki hewani.

Dakika mbili za mwisho ni za kusoma tena ukitafuta sentensi nne zinazopoteza alama katika mpango wowote ule. Ya kwanza ni "sukari hutoboa jino". Iandike upya ili asidi ya bakteria iwe katikati. Ya pili ni "asidi ya soda huozesha meno". Asidi iliyomo ndani ya soda humomonyoa enameli moja kwa moja bila bakteria, na huo ni mmomonyoko, ugonjwa mwingine. Soda huozesha kwa sukari yake. Ya tatu ni kuyahesabu meno ya kahawia kuwa yameoza. Wanafunzi wanaotoka Arusha na maeneo mengine yenye floraidi nyingi kwenye maji wamekua wakiyaona, na hayo ni madoa ya floraidi iliyozidi wakati jino likiumbika. Ya nne ni kwamba mimba hunyonya kalsiamu kutoka kwenye meno ya mama. Enameli iliyokwisha kuumbika hairudishi kalsiamu yake kwenye damu. Mjamzito akioza zaidi, tafuta kula mara kwa mara na kushindwa kupiga mswaki kwa sababu ya kichefuchefu.

Kutopiga mswaki nako kuna mahali pake. Ukikiandika kama kisababishi kikuu, karatasi yako inaonekana ya mtu aliyesoma bango la ukutani. Kiandike kama jambo linaloacha ukoga ukomae, chini ya bakteria, na kinakuwa hoja nzuri.

Dada aliniuliza swali la mwisho kabla hajaondoka. "Na nikifika kwenye swali hili zimebaki dakika sita tu?" Nilimjibu kwamba hapo arudi kwenye mpango wake wa kwanza, bila aibu. Mnyororo uliokatika katikati huacha mate na muda nje, kwa sababu siku zote viko mwishoni. Vichwa vinne vyenye sentensi mbili mbili huokoa angalau nusu ya alama. Na kama ana sekunde thelathini za ziada, azitumie kuandika chini kabisa mstari mmoja: kwamba hakuna kati ya hivyo vinne kinachotosha peke yake, na kwamba asidi ndiyo inayoviunganisha.